Kamba ya Saba Haikujibu

Tik tik. Kimya. Tik tik.

Bomba la jikoni lilikuwa likidondosha maji gizani, matone mawili mawili kama yameoana, kisha linanyamaza kitambo cha kumfanya mtu adhani limekoma. Mama Kibiriti alikuwa macho kitandani, analisubiri. Alfajiri ilikuwa bado haijafika dirishani.

"Baba Kibiriti," alinong'ona. "Unalisikia?"

"Nalisikia tangu wiki jana," mumewe alijibu bila kufumbua macho. "Nitalitengeneza Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Ile itakayokuja ukiacha kuniuliza."

Mama Kibiriti alicheka ndani ya mto, ila kicheko hakikufika mbali. Tik tik. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akijibu kwa mlio ule, na mtu huyo walikwisha kumzika kabla ya mvua kuanza.

Mzee Kamba, ndivyo shule nzima ilivyomwita, kwa kuwa miaka nenda miaka rudi ndiye aliyevuta kamba za jukwaa katika ukumbi wa shule. Mama Kibiriti alipoajiriwa kutunza maktaba, cheti chake cha masomo ya jioni kikiwa bado kinanukia wino, walimtwisha na kazi ya jukwaani ambayo hakuna mwalimu aliyeitaka: kushika kitabu cha ishara na kuita kila fundi zamu yake ifikapo. Ni Mzee Kamba aliyemfundisha. Yeye alisimama karibu mno na watazamaji, asingeweza kuongea kwenye hedifoni bila kusikika hadi viti vya mbele. Basi alijibu kwa ukucha. Aligonga maiki mara mbili: nimesikia, niko tayari, na chini ya mzigo hakuna mtu.

"Nikigonga, ita, binti yangu," alimwambia. "Nisipogonga, hata mwalimu mkuu akikusimamia kichwani, usiite."

Jambo hili Mama Kibiriti hakuwahi kumsimulia mtu, hata mumewe. Kila kazi ina siri zake ndogo, ambazo ukizitoa nje zinageuka kichekesho.

"Na ule mwezi wenu wa jukwaani," mumewe alisema ghafla, sasa macho yake yakiwa wazi, "mmeufunga sawasawa?"

"Umefungwa."

"Ni mbao ile. Nimeuinua mwenyewe upande mmoja, mgongo ukanishitaki. Na unateremka pale pale anaposimama mtoto."

"Akishatoka. Taa zinazimwa, watoto sita wa nyota wanatoka, dada mkuu wa shule anawahesabu kichwa kimoja kimoja, anasema jukwaa wazi. Ndipo naita. Nisipoita haushuki."

"Kwa nini mtoto wetu ndiye awe katikati?"

"Ndiye mfupi kuliko wote. Mwalimu anasema inapendeza."

"Inapendeza," mumewe alirudia, kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi. Kisha akamshika mkono. "Haya. Wewe ndiye unayeita. Nitalala kwa hilo."

Akalala kweli. Mkewe hakulala. Jikoni matone yaliendelea kujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

*

Onyesho lilikuwa alasiri, na madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi hata mchana ukabaki nje kama mgeni asiyekaribishwa. Meza ya Mama Kibiriti ilikuwa pembeni ya jukwaa, upande wa kushoto, nyuma ya pazia jeusi. Juu yake palikuwa na taa ndogo ya buluu, penseli mbili, kifutio, na kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa faili nene. Kurasa za kulia zilikuwa na maneno ya mchezo. Za kushoto zilikuwa na mkono wake mwenyewe, kwa penseli tupu, maana ishara hubadilika mpaka siku ya mwisho na wino hausamehe. T ilikuwa taa, S sauti, K kamba. Kutoka kwa kila ishara alikuwa amepiga mstari kwa rula hadi kwenye neno lenyewe la mwigizaji, si karibu na neno, bali juu yake. Nusu ukurasa kabla aliandika "jiandae". Alikiandika hivyo kwa kuwa Mzee Kamba alimwambia kitabu kizuri ni kile ambacho ukianguka na homa, mtu mwingine anakikalia na onyesho linakwenda.

Alivaa hedifoni yake. "Haya wanangu, tujaribu. Taa?"

"Taa nipo," alisema Swichi, kijana wa mwaka wa mwisho aliyeketi juu nyuma ya ukumbi kwenye chumba cha mitambo. "Naona kichwa cha mwalimu mkuu. Kinang'aa kuliko taa zangu."

"Sauti?"

"Nipo pembeni ya huyu mchokozi," alisema Redio, msichana wa mashine ya sauti. "Mama, mwambie asile karanga kwenye maiki."

"Swichi, karanga. Nyuma ya jukwaa?"

"Nyuma ya jukwaa nipo, mama," alisema dada mkuu wa shule kutoka upande wa pili. Huyo alikuwa macho ya Mama Kibiriti gizani. "Nyota wote sita wapo, wamevaa. Kibiriti anauliza kama taa yake ina betri."

"Mwambie ina betri tangu jana. Mnakumbuka sheria?"

"Lile neno halisemwi," walijibu kwa pamoja.

Lile neno lilikuwa "sasa". Kwenye hedifoni neno hilo lilikuwa na kazi moja tu. Mtu anayeita hutaja kwanza ishara na namba, kisha neno, na kidole cha fundi hushuka juu ya neno. Ukilitamka ovyo, ukasema mathalani sasa hivi nina kiu, mtu anaweza kuzima jua katikati ya mchana.

Kwenye kamba hapakuwa na hedifoni inayofanya kazi. Siku hizi alisimama pale Pandikizi, kijana mwenye mabega kama kabati, lakini waya wa kituo kile ulikufa mwezi ule ule na mzee mwenyewe. Mahali pake paliwekwa balbu nyekundu, na swichi yake ilikuwa mezani kwa Mama Kibiriti. Balbu ikiwaka, Pandikizi afungue kamba na kujiandaa. Ikizimika, ateremshe. Ilikuwa njia nzuri, yenye upungufu mmoja: balbu hupeleka habari, hairudishi.

Kabla ya milango kufunguliwa alizunguka kukagua. Alipita kwenye meza ya vifaa, ambapo kila kifaa kilichorewa umbo lake kwa chaki: hapa fimbo, hapa kikapu, hapa taa sita ndogo za mkononi. Kibiriti alikuwa amesimama pale na taji lake la karatasi, anazihesabu taa kwa midomo.

"Kila kitu kina nini?" mama yake alimuuliza.

"Kina nyumba yake."

"Na ukimaliza kukitumia?"

"Nakirudisha nyumbani, hata kama nina haraka."

Alimbusu juu ya taji. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, aliwaza kwa fahari kidogo.

Kisha akaenda kwenye kamba. Pandikizi alikuwa akifuta viganja kwenye suruali. Nyuma yake, kwenye msumari, ilining'inia hedifoni ya Mzee Kamba. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa. Waya wake ulikatika chini kabisa, ncha mbili za shaba zikiwa wazi hewani, na buibui alikuwa ametandaza uzi kutoka kwenye msumari hadi kwenye maiki.

"Inakutisha?" alimuuliza Pandikizi.

"Hainitishi, mama. Ila huwa sipendi kuipa mgongo."

*

Pazia lilifunguliwa vizuri. Mchezo ulikuwa wa mwezi uliogoma kushuka duniani, na Usiku, msichana mrefu mwenye joho jeusi, alizunguka akiubembeleza. Mama Kibiriti alifuata maneno kwa ncha ya penseli.

"Jiandae taa ya nne na sauti ya pili."

"Taa tayari." "Sauti tayari."

"Taa ya nne na sauti ya pili... sasa."

Mapambazuko yakaingia, na ndege wa Redio wakaimba. Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Unasema neno dogo gizani na ulimwengu unakutii.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na kamba ya kwanza, kitambaa cha mawingu. "Jiandae kamba ya kwanza," alisema kwa mazoea, akabonyeza swichi. Balbu ikawaka kule.

Tik tik.

Penseli ilisimama. Ilikuwa ndani ya sikio lake, ukucha juu ya maiki, kavu na taratibu.

Neno la Usiku lilikuwa linakuja, na kitabu hakingoji mtu mwenye hofu. "Kamba ya kwanza... sasa." Akazima balbu. Mawingu yakateremka laini.

"Nani amegonga?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kugonga nini?" alisema Swichi.

"Huku kimya, mama," alisema dada mkuu.

"Redio?"

"Mimi nasikia karanga tu."

Labda ni bomba, alijiambia. Labda limemhamia masikioni, maana mtu asiyelala hubeba nyumba yake kichwani. Lakini kamba ya pili ilipofika, akawasha balbu, tik tik. Kamba ya tatu, tik tik. Mkono wake uliendelea kuandika alama za vema pembeni ya ishara kama mkono wa mtu mwingine.

Jambo la ajabu ni kwamba kufikia kamba ya tano alikuwa ameanza kuisubiri ile sauti. Balbu iliwaka, sauti ikaja, na bega lake likashuka lenyewe. Kwa muda wote tangu msiba alikuwa akiita kamba kama anayetupa jiwe kisimani bila kusikia maji. Leo maji yalijibu. Hakutaka kujua ni ya nani.

Kamba ya sita, tik tik.

Kisha wakafika ukurasa wa mwezi.

Nyota sita waliingia na taa zao. Kibiriti alikaa katikati, juu ya alama ya utepe sakafuni, taji limempinda kidogo. Waliimba. Wakaweka taa chini, wakazizima moja moja, wakajikunja kama wanaolala. Watu ukumbini walitoa ile sauti ya huruma ambayo watoto wadogo huwatoa watu. Juu yao, nyuma ya kitambaa cha juu, mwezi wa mbao ulikuwa umening'inia usioonekana.

"Jiandae taa ya thelathini, jiandae kamba ya saba na taa ya thelathini na moja."

"Taa tayari, zote mbili."

"Taa ya thelathini... sasa."

Giza. Giza la kweli, hata mkono wake ulipotea isipokuwa palipofika mwanga wa buluu. Alisikia miguu midogo ikipita pembeni, shwa shwa shwa. Usiku alianza maneno yake ya mwisho gizani, polepole kama walivyofanya mazoezi, ili watoto wapate nafasi ya kutoka.

"Nne, tano, sita," alinong'ona dada mkuu. "Jukwaa wazi, mama."

Vizuri. Aliwasha balbu ya kamba.

Hakuna kitu.

Alisubiri. Ndani ya hedifoni kulikuwa na ule mvumo tu wa waya, kama pumzi ya mtu anayefikiri. Alibana sikio kwa kiganja. Hakuna.

"Milima imelala," Usiku alikuwa akisema. "Mito imelala."

Mstari wake wa rula ulikuwa ukiishia juu ya neno "inakungoja". Zimebaki sentensi mbili. Dada mkuu amesema wazi, na dada mkuu hajawahi kukosea. Balbu imewaka. Kitabu kinasema ita. Na upande wa pili wa mizani kulikuwa na nini? Kugonga ambako hakuna aliyekusikia ila yeye, kwa mtu aliye kaburini, kwa waya uliokatika. Atamwambia nini mwalimu? Kwamba maiti hakunijibu?

"Njoo, mwezi," alisema Usiku. "Dunia inakungoja."

Kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Neno lilikuwa mdomoni, lina umbo, lina uzito.

Nisipogonga, usiite.

Akaondoa kidole. Akakiondoa taratibu kama anayekitoa kwenye mtego, kwa maana hapo ndipo alipotambua ubaya wa balbu: hawezi kuizima. Kuzima ndiko kuteremsha. Pandikizi alikuwa amesimama gizani, kamba imefunguliwa mikononi mwake, jicho kwenye nukta nyekundu, na nukta ile ikipotea kwa sababu yoyote, mwezi unashuka.

"Shikilieni wote," alisema. "Hakuna anayegusa kitu. Dada mkuu, nenda kwa Pandikizi kwa miguu yako. Mwambie afunge kamba. Asiangalie tena balbu, asikilize wewe."

"Lakini mama, nimehesabu..."

"Nenda, mwanangu."

Alisikia hedifoni ya msichana ikiwekwa chini. Gizani, Usiku alirudia, "Dunia inakungoja," sauti ikitetemeka kidogo. Kwenye viti mtu alikohoa. Nukta ya buluu ilimwonyesha kitabu, na kitabu, kwa mara ya kwanza, hakikuwa na la kumwambia.

"Mama," alinong'ona Swichi, bila mzaha wowote. "Tunafanyaje?"

"Taa ya ishirini na tisa, ile ya nyota. Irudishe robo tu, polepole. Jiandae."

"Tayari."

Sauti ya pumzi ikaja hedifonini. "Amefunga, mama," alisema dada mkuu, akihema. "Nimeigusa kamba mwenyewe. Imefungwa."

"Taa ya ishirini na tisa... sasa."

Mwanga ukapanda kama mtu anayefungua jicho moja. Katikati ya jukwaa, juu ya alama ya utepe, alikuwa ameketi Kibiriti. Amekunja miguu, ameikumbatia taa yake ya mkononi, ametulia tuli kama anayesimuliwa hadithi. Uso wake ulikuwa umegeuka kuelekea kwenye kamba. Juu ya taji lake la karatasi, nyuma ya kitambaa, mbao ilikuwa ikizunguka pole pole kwenye waya wake.

Mama Kibiriti hakupiga kelele.

Aliyeokoa mchezo ni Usiku. Alimtazama yule mtoto, akalegeza mabega, akasema kwa sauti yake kubwa, "Kumbe ndiyo maana mwezi haushuki. Kuna nyota mmoja hajalala." Ukumbi ukaangua kicheko. Akamnyanyua, akamtembeza hadi pembeni, akamkabidhi mikononi mwa dada mkuu, kisha akarudi mahali pake.

"Ninaye, mama," alisema dada mkuu. Alikuwa akilia na hakuficha. "Nimemshika. Alitoka nikamhesabu, kisha alirudi nyuma ya mgongo wangu. Taa yake haikuwa mezani. Aliona nyumba yake tupu, akaifuata."

Kila kitu kina nyumba yake. Nakirudisha hata kama nina haraka. Mama Kibiriti alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Ni yeye aliyemfundisha, tena kwa fahari.

"Jukwaa?" aliuliza.

"Jukwaa wazi. Nimetembea mwenyewe kwa viganja, mama. Wazi. Pandikizi amefungua tena, macho yake yako kwenye balbu, na mtoto nimembana kwa mkono."

"Jiandae taa ya thelathini, kamba ya saba, na taa ya thelathini na moja."

"Tayari."

Balbu ilikuwa ikiwaka muda wote. Alisubiri, na safari hii hakuona aibu kusubiri.

Tik tik.

"Taa ya thelathini... sasa." Giza. Usiku akauita mwezi kwa mara ya tatu. "Kamba ya saba... sasa." Alizima balbu. Kitu kikubwa kilishuka gizani kwa mnong'ono wa hewa, kikatua. "Taa ya thelathini na moja... sasa." Mwezi ukawaka, mkubwa na wa manjano, pale pale penye alama ya utepe, na watu wakapiga makofi mpaka vitambaa vya madirishani vikatikisika.

*

Baada ya pazia kufungwa alikwenda kwanza kwenye kamba. Pandikizi alikuwa ameketi sakafuni, viganja vyekundu.

"Mama, ile balbu ilikaa muda mrefu," alisema. "Mkono ulichoka, nikataka kuiachia kamba kidogo. Nikahisi kama kuna mtu anaishika nami kwa nyuma. Nilidhani ni dada mkuu. Kumbe alikuwa bado hajafika."

Mama Kibiriti aliitazama hedifoni kwenye msumari. Ncha mbili za shaba zilikuwa wazi hewani kama mwanzo. Uzi wa buibui ulitoka kwenye msumari hadi kwenye maiki, mzima, haujaguswa.

Alisimama mbele yake kidogo, mikono imeshikana, kama mtu anavyosimama mbele ya mkubwa. "Asante, mzee," alisema, kwa sauti ya kawaida.

Mumewe alikuwa tayari nyuma ya jukwaa, amepita mlango usiopitwa, shati limemlowa mgongoni. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Kibiriti kwenye meza ya vifaa, anamgusa kichwa, masikio, mabega, kana kwamba anamhesabu. Mtoto alikuwa na shughuli. Aliweka taa yake ndani ya umbo la chaki, akaisogeza hadi ikakaa sawa.

Mama yake alipiga magoti kando yake. "Mama amekosea," alisema. "Sheria ya nyumba ya vitu ina sheria nyingine juu yake. Taa zikizimwa, usirudi. Hata ukiacha dhahabu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ulipokaa pale gizani, ulikuwa unaogopa?"

Kibiriti alitikisa kichwa. Aliinama akapuliza vumbi la chaki vidoleni.

"Kwa nini hukukimbia, mwanangu? Kwa nini ulikaa tu?"

Mtoto alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, kule kwenye kamba, kwa macho ya mtu anayemtafuta rafiki aliyetangulia kuondoka.

"Babu aliniambia nikae tu, hatagonga mpaka nitoke."